Ulijua Nini Ulipochagua?

Muulize mama anayevusha nyanya kutoka Gisenyi kwenda Goma kupitia Petite Barrière kama wiki iliyopita alitoa rushwa. Swali ni fupi, lakini jibu lake linategemea maamuzi ambayo hakuyafanya yeye, uliyafanya wewe mwenye dodoso. Pesa alizompa askari bila risiti bila shaka ni rushwa. Je, nyanya nne zilizochukuliwa juu ya beseni lake huku akitazama? Je, aliyeombwa akakataa, kisha akawekwa kando kwa saa nzima? Na yule ambaye wiki nzima hakuvuka kwa sababu mtoto aliugua, umhesabu kuwa hakutoa rushwa, au umwondoe kwenye hesabu?

Kila swali kati ya hayo lina majibu mawili au matatu yanayoweza kutetewa mbele ya mtu yeyote mwenye akili. Huo ndio uhuru wa mtafiti ninaotaka tuuzungumzie: nafasi ya kuchagua njia moja ya uchambuzi kati ya nyingi zilizo halali. Uhuru huu hauna ubaya, na hakuna utafiti usio nao. Ubaya huingia pale mtu anapochagua baada ya kuona ni njia ipi inampa jibu analolitaka, kisha akaandika ripoti kana kwamba njia ilikuwa hiyo moja tangu mwanzo. Makala hii ni kwa wanafunzi wa shahada na maofisa wa ufuatiliaji wa miradi wanaokusanya data pande zote mbili za mpaka huu, wanaotaka kujua namna ya kuyafunga maamuzi hayo mapema na namna ya kuyaeleza kwa ukweli katika ripoti.

Nimechagua rushwa ya mpakani kwa sababu imeshachunguzwa vizuri hapa kwetu. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilitoa utafiti wa Kevin Croke, Maria Elena Garcia Mora, Markus Goldstein, Edouard Mensah na Michael O'Sullivan kuhusu wachuuzi wadogo wa mpaka wa Kongo na Rwanda. Kwa kura, baadhi ya wachuuzi walipewa nafasi ya kufundishwa taratibu za forodha, ushuru na haki zao, na wengine hawakupewa. Matokeo yakatolewa kwa namna mbili. Ukilinganisha wote waliopewa nafasi na wote wasiopewa, utoaji wa rushwa ulishuka kwa pointi 5 za asilimia. Ukitazama wale tu walioingia darasani kwa sababu ya kupewa nafasi hiyo, ulishuka kwa pointi 27.5.

Namba zote mbili ni sahihi. Ukigawa 5 kwa 27.5 unapata karibu 18 katika 100, na hiyo inakuonyesha kwamba kura iliwaingiza darasani kiasi cha mtu mmoja kati ya watano au sita. Namba ndogo inajibu swali la wizara: tukiwaalika wachuuzi kwa namna hii, hali ya mpakani itabadilika kiasi gani? Namba kubwa inajibu swali la mchuuzi: mimi nikihudhuria, nitapata nini? Waandishi wale waliziweka namba zote mbili, bega kwa bega, kwenye muhtasari wao. Sasa fikiria ripoti ya mradi inayotaja 27.5 peke yake na kunyamaza kuhusu 5. Hakuna neno la uongo ndani yake, lakini msomaji amedanganywa.

Tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate hadi mwisho. Wewe uko Rubavu, una vikundi 40 vya wachuuzi wanawake. Kwa kura, vikundi 20 vinapata mafunzo sasa na 20 vinasubiri. Baada ya miezi mitatu wadodosaji wanarudi kuuliza. Hebu tuhesabu njia ulizo nazo. Rushwa inaweza kuwa pesa tu, pesa na bidhaa, au pesa, bidhaa na kuombwa hata kama hukutoa: njia 3. Kipindi kinaweza kuwa safari ya mwisho, siku 7 au siku 30. Kwa siku 7 na siku 30 kuna pia swali la asiyevuka, abaki kwa sifuri au aondolewe, kwa hiyo kipindi kinakupa njia 5. Kipimo kinaweza kuwa ndiyo au hapana, au kiasi cha faranga. Kiasi nacho unaweza kukiacha kilivyo, ukakata asilimia 1 ya walio juu kabisa, au ukakata asilimia 5, kwa hiyo kipimo kina njia 4. Mwisho, unalinganisha walioalikwa au waliohudhuria: njia 2. Zidisha 3 kwa 5 kwa 4 kwa 2, unapata 120. Hapo hatujagusa faranga za Kongo zibadilishwe kwa bei ya siku gani, wala umri na elimu viingizwe kwenye hesabu au visiingizwe.

Kipimo cha kawaida cha takwimu kinavumilia kudanganywa na bahati mara 5 katika 100. Uvumilivu huo unahesabiwa kwa mtu aliyejaribu njia moja. Aliye na njia 120 mkononi, hata kama mafunzo hayakusaidia kitu, ana nafasi kubwa ya kukuta angalau njia moja inayong'aa. Njia hizo zinafanana, kwa hiyo huwezi kuzidisha tu 120 kwa 5 katika 100 ukapata jibu, lakini tatizo liko palepale. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn waliiga hali hiyo kwenye kompyuta. Kwa kuruhusu aina nne tu za uhuru wa kawaida kwa pamoja, uwezekano wa kupata matokeo ya uongo ulipanda kutoka 5 hadi karibu 61 katika 100. Mtu anaweza kufika huko bila kukusudia ulaghai. Anajaribu njia ya kwanza, haimpi kitu. Anakumbuka kwamba kulikuwa na wachuuzi wawili wenye kiasi cha ajabu, anawaondoa, na sasa matokeo yanaonekana. Sababu ya kuwaondoa ni nzuri. Shida ni kwamba asingewatafuta kama jibu la kwanza lingempendeza.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuandika mpango wa uchambuzi kabla hujaona matokeo, na kuuandika kwa namna ambayo mtu mwingine, akipewa faili lako, angefika kwenye namba ileile bila kukupigia simu. Hapa ndipo mipango mingi ninayoisoma inapoanguka. Inasema "tutapima athari za mafunzo kwenye rushwa tukizingatia sifa za wachuuzi", na sentensi hiyo inaziacha njia zote 120 wazi. Mpango unaofunga mlango unasomeka hivi:

"Tokeo kuu ni moja: je, katika siku 7 kabla ya mahojiano, mchuuzi alitoa pesa au bidhaa, bila kupewa risiti, kwa mtu yeyote mwenye mamlaka mpakani? Ndiyo ni 1, hapana ni 0. Asiyevuka katika siku hizo anahesabiwa 0 na anabaki kwenye uchambuzi. Tunalinganisha vikundi vilivyoalikwa na visivyoalikwa kama vilivyotoka kwenye kura, bila kujali nani alihudhuria. Makosa ya makadirio yanakokotolewa kwa kikundi, si kwa mtu mmoja mmoja. Kiasi cha faranga ni tokeo la pili. Faranga za Kongo zinabadilishwa kwa bei ya siku ya mahojiano, na kilicho juu ya asilimia 99 kinashushwa hadi kiwango hicho."

Nakuomba utazame kwa makini sentensi ya asiyevuka, maana ndiyo ngumu kuliko zote na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Inaonekana busara kumwondoa: hakuwa mpakani, atatoaje rushwa? Lakini mafunzo yenyewe yanaweza kubadilisha nani anavuka. Mwanamke mwoga aliyekuwa akibaki nyumbani anaweza, baada ya kujua haki zake, kuanza kuvuka, akakutana na askari, akatoa kidogo. Ukiwaondoa wasiovuka, unalinganisha wavukaji wa upande mmoja, wakiwemo hao wapya, na wavukaji wa upande mwingine ambao ni wazoefu tu. Hapo usawa ulioletwa na kura umeubomoa kwa mkono wako. Kumbakiza kwa sifuri nako kuna gharama, kwani mafunzo yanayowatisha watu wasivuke kabisa yataonekana yamepunguza rushwa. Ndiyo maana mpango mzuri unambakiza, kisha unaahidi kutoa kando yake namba ya pili: wangapi walivuka katika kila upande. Msomaji akiziona mbili pamoja anaweza kujua kilichotokea.

Utafiti wa mwaka 2020 unaonyesha kwa nini jambo hili si la nadharia tu. Walipochunguza njia ambayo mafunzo yalipitia, watafiti wale waliona kwamba rushwa haikupungua kwa sababu wanawake walianza kudai haki zao mbele ya maofisa. Ilipungua kwa sababu walivuka mapema, kwenye saa zisizo rasmi. Dodoso ambalo lingeuliza tu yaliyotokea saa za kazi, au uchambuzi ambao ungeziondoa safari za alfajiri kwa kuziita za ajabu mno, ungeondoka na hadithi nyingine kabisa.

Sasa linakuja pingamizi ninalolisikia kila mara, na ni la haki: nitajuaje niamue nini kabla ya kuona data? Huenda siku 7 ni chache mno na karibu kila mtu atajibu hapana. Huenda nikatangaza kiasi cha faranga kuwa tokeo kuu, kisha nikakuta nusu ya wachuuzi hawakumbuki kiasi. Ukifunga macho ukaamua, unaweza kuuharibu utafiti wa miaka miwili kwa kipimo kibovu.

Jibu bora ninalolijua lilifanyiwa kazi Rwanda. Clare Leaver, Owen Ozier, Pieter Serneels na Andrew Zeitlin walichunguza mikataba ya walimu wa shule za msingi. Baadhi ya walimu wapya waliahidiwa bonasi ya faranga 100,000 kwa walio kwenye asilimia 20 ya juu ya wilaya yao kwa utendaji, wengine nyongeza ya faranga 20,000 kwa kila mtu, na kura ikapigwa mara mbili, wakati wa kuajiri na tena baada ya walimu kufika shuleni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la uchumi la American Economic Review. Kabla ya kufunga mpango wao walizitazama data, lakini zikiwa zimefichwa: habari ya nani alipata mkataba upi ilikuwa imeondolewa. Wakaigiza kura za bandia juu ya data hizo na kuangalia ni kipimo kipi kingekuwa na nguvu zaidi ya kuiona athari, kama ipo. Kisha wakachagua, wakausajili mpango, na baada ya hapo tu wakafungua kura ya kweli.

Unaweza kufanya hivyo kwa kompyuta ya kawaida. Kwenye mfano wetu wa vikundi 40, kura ilipigwa kwa kikundi, kwa hiyo lazima uvuruge kwa kikundi. Kwa lugha ya R ni mistari michache:

```r
set.seed(417)
v <- unique(d[, c("kikundi", "mafunzo")])
v$mafunzo <- sample(v$mafunzo)
d$mafunzo <- NULL
d <- merge(d, v, by = "kikundi")
```

Baada ya mistari hiyo, safu ya `mafunzo` haina uhusiano wowote na mafunzo ya kweli. Tofauti yoyote utakayoiona ni ya bahati. Rudia uvurugaji mara 1,000 bila kurudia mstari wa `set.seed`, kila mara ukiendesha uchambuzi uliokusudia, na uhesabu ni mara ngapi unapata matokeo yenye thamani ya p chini ya 0.05. Inapaswa kuwa karibu mara 50. Ukikuta 120 au 200, kuna kosa, na kwa kawaida ni kwamba umewahesabu wachuuzi wa kikundi kimoja kana kwamba hawajuani, ilhali wanavuka pamoja na kukutana na askari walewale. Kosa hilo umeligundua bila kuona jibu.

Kisha ongeza athari ya kubuni. Katika kundi la mafunzo la bandia, chagua kwa bahati baadhi ya waliojibu "ndiyo", uwageuze kuwa "hapana" hadi rushwa ishuke kwa pointi 5. Rudia mara 1,000 tena, ukilinganisha kipimo cha siku 7 na cha siku 30. Kinachoiona athari hiyo mara nyingi zaidi ndicho ukichague kuwa tokeo kuu. Umetumia data zako zenyewe kuchagua, na bado hujui kama mafunzo yalisaidia.

Njia hii ina mashimo mawili ambayo lazima uyazibe. La kwanza ni mtu. Mwenye kuvuruga asiwe yule anayeandika mpango. Kama wewe ndiye mwenye faili la kura kwenye kompyuta yako, msomaji hana sababu ya kuamini kwamba hukulichungulia, na wewe mwenyewe utashawishika. Mpe msimamizi wako au mwenzako wa ofisi nyingine faili hilo, akurudishie data zilizovurugwa tu. La pili ni safu zinazovujisha siri. Safu ya mahudhurio ya darasani inamtaja kila aliyealikwa. Jina la mdodosaji linavujisha kama timu moja ilienda kwa vikundi vya mafunzo na nyingine kwa vinavyosubiri. Jibu la wazi la mwisho wa dodoso, "nashukuru kwa mafunzo", linavujisha bila aibu. Na kumbuka kwamba hata jina la kikundi linavujisha ikiwa wewe mwenyewe ulihudhuria kura na unakumbuka vilivyotoka. Ondoa safu hizo kabla ya kuvuruga, na kipe kila kikundi namba mpya.

Kuna kuona kwingine kusikopitia faili. Siku hizi wengi wanakusanya data kwa simu kupitia KoboToolbox au SurveyCTO, na kila jioni msimamizi hufungua majedwali kukagua ubora. Kama jedwali linatenganisha makundi, ameshayaona matokeo siku ya kwanza. Weka ukaguzi uonyeshe jumla ya wote, usitenganishe. Pia kuna masikio. Mdodosaji anarudi kutoka sokoni anasema, "Hawa waliofundishwa wanasema askari hawawagusi tena." Hakuna namba katika sentensi hiyo, lakini ukiisikia kabla ya kuchagua kati ya siku 7 na siku 30, hujachagua ukiwa hujui kitu. Huwezi kuzuia watu kusema. Unaweza kuandika kwamba walisema, na lini.

Hapo tumefika kwenye moyo wa jambo. Wengi wanadhani uaminifu unapimwa kwa kuwepo kwa mpango, ama unao ama huna. Mimi naona mpango ni sehemu tu. Kinachomsaidia msomaji ni kujua, kwa kila uamuzi mkubwa, wewe ulikuwa umeshaona nini siku ulipouamua. Daniel Posner na George Ofosu walipopitia mipango mingi ya wanauchumi na wanasayansi wa siasa pamoja na makala zilizotokana nayo, waliona kwamba wengi wa waliopima dhana ambazo hazikuwa kwenye mpango hawakumwambia msomaji hivyo. Mpango ulikuwepo, umesajiliwa, na ukweli haukuwepo.

Kwa hiyo katika sehemu ya mbinu usiandike "uchambuzi wote ulipangwa mapema". Karibu kila mara sentensi hiyo si kweli. Andika kitu kama hiki, kwa tarehe zako halisi:

"Tokeo kuu isipokuwa kipindi chake, namna ya kuhesabu wasiovuka na ulinganisho wa walioalikwa na wasioalikwa viliamuliwa katika mpango uliosajiliwa kabla ya mahojiano ya mwisho kuanza. Uchaguzi wa siku 7 badala ya 30 ulifanywa baada ya kuona data za mwisho zilizovurugwa kwa kikundi. Faili la kura lilikuwa kwa msimamizi, na mwandishi hakulipata hadi mpango uliporekebishwa na kusajiliwa upya. Kabla ya hapo mwandishi alikuwa amesikia kwa wadodosaji wawili kwamba baadhi ya waliofundishwa walisema rushwa imepungua. Mgawanyo wa matokeo kwa saa ya kuvuka haukuwa kwenye mpango. Tuliufikiria baada ya kuona tokeo kuu, na unapaswa kusomwa kama dokezo la kufuatiliwa."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayoogopwa. Watu wanahofia kwamba mhakiki au mfadhili akiisoma atautupa ugunduzi wote. Uzoefu wa kusoma ripoti nyingi unanifundisha kinyume: ugunduzi uliotajwa kuwa ni wa baadaye hubaki na thamani yake, na mtafiti mwingine anaweza kuubeba kwenye mpango wake kama swali la kwanza. Ugunduzi uliovishwa nguo za mpango unapotea pamoja na sifa ya mwandishi siku mtu atakapofungua sajili na kulinganisha.

Mpango pia utavunjika, hasa kwenye mpaka wetu. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka na maelfu ya watu wa Goma wakakimbilia Rubavu. Januari 2025 vita viliingia Goma yenyewe. Mpango uliosema "tutarudi baada ya miezi mitatu" katika miaka hiyo haukuwa na maana. Kuacha mpango kwa sababu kama hizo hakuna doa lolote, mradi uandike mambo matatu: ulibadilisha nini, tarehe gani, na siku hiyo ulikuwa umeona matokeo ya wangapi. Mabadiliko yaliyofanywa siku mpaka ulipofungwa, kabla ya hojaji moja kurudi, na mabadiliko yaliyofanywa baada ya uchambuzi wa kwanza ni vitu viwili tofauti kabisa hata kama sentensi inayoyaeleza ni moja. Na pale unapoweza, toa pia jibu la mpango wa awali. Kama ulisema siku 7 ukaishia siku 30, weka namba ya siku 7 kwenye kiambatisho hata kama haipendezi.

Kama data tayari zipo, kwa mfano unatumia takwimu za Rwanda kuhusu biashara isiyo rasmi ya mipakani ambazo tayari zimechapishwa, usijifanye hujaziona. Huwezi kuthibitisha hilo, na hakuna atakayekuamini. Sema ni ripoti zipi ulizisoma na majedwali yapi unayakumbuka. Kisha una njia mbili za heshima. Gawa data mara mbili kwa bahati, jaribu utakavyo kwenye nusu ya kwanza, funga njia moja, iendeshe mara moja tu kwenye nusu ya pili. Au, kama data ni chache mno kugawanywa, endesha njia zote zilizo halali, zote 120 ikibidi, uzipange kwenye mchoro mmoja kutoka jibu dogo hadi kubwa, na uonyeshe uliyoichagua imesimama wapi kati yake. Kama njia 110 zinaelekea upande mmoja, msomaji ataridhika. Kama yako ni kati ya 9 tu zinazoelekea huko, ataliona, na wewe utakuwa umeliona kabla yake.

Kwa anayedhani haya ni mambo ya wenye shaka kupita kiasi, kuna utafiti wa Katherine Casey, Rachel Glennerster na Edward Miguel uliochapishwa mwaka 2012. Waliupima mradi wa maendeleo ya vijiji huko Sierra Leone katika vijiji 236, wakiwa na matokeo 334 ya kupima. Walikuwa na mpango, na kwa kuufuata waliona kwamba mradi ulileta mali na huduma kijijini lakini haukubadilisha namna watu wanavyoamua mambo yao. Kisha wakaonyesha kitu ambacho wengine huficha: kutoka kwenye matokeo yaleyale 334, mtu asiye na mpango angeweza kuokota machache na kuandika kwamba mradi uliimarisha taasisi za kijiji, na mwingine angeweza kuokota mengine na kuandika kwamba uliziharibu. Ripoti zote mbili zingekuwa na namba za kweli.

Sasa mahali pa kuuweka mpango. Kama umepiga kura ya kugawa makundi, sajili ya Chama cha Wachumi cha Marekani, kwenye socialscienceregistry.org, inapokea tafiti za namna hiyo kutoka nchi yoyote bila malipo. Kwa utafiti wa aina nyingine, tumia osf.io, ambako unaweza pia kuufunga mpango usionekane na watu hadi miaka minne huku tarehe yake ikiwa imeshagongwa. Kama intaneti inasumbua, ombi lako la kibali cha maadili nalo lina tarehe na muhuri. Ambatanisha mpango humo, kamati itabaki na nakala. Barua pepe kwa msimamizi ni bora kuliko hakuna, lakini ni dhaifu, kwa kuwa msomaji hawezi kuifungua.

Mpango wa kurasa tatu unatosha kwa shahada ya uzamili. Uandike kwa Kiswahili ikiwa ndiyo lugha unayofikiria kwa usahihi zaidi. Usajili kwanza, hakikisha tarehe imeonekana kwenye ukurasa, na baada ya hapo tu mwombe msimamizi faili la kura.